Singer ya 15,000 kutoka Kisauni: picha tatu na hesabu ya bei yake

Binti mmoja wa Likoni anayeshona madera alinitumia picha tatu za cherehani na swali moja: "Ami, huyu wa Kisauni ataka elfu kumi na tano. Asema ni Singer original ya Uingereza, haijatumika sana. Ni bei yake?"

Picha ya kwanza ilionyesha cherehani nzima, kichwa cheusi juu ya meza ya kukanyaga, ikiwa imeegemezwa ukutani kwenye veranda. Ya pili ilikuwa ya kichwa kwa mbele. Ya tatu ilipigwa karibu na nembo, lakini mkono ulitikisika na kilichobaki ni doa la manjano. Kwa picha kama hizi mtu anaweza kusema mengi kuhusu bei, ila si yote, na kazi kubwa ni kujua mpaka uko wapi. Nitaieleza hesabu hii kama nilivyoifanya. Tarakimu ni za mtaani kwetu wakati ule, kwa hiyo weka za kwako.

Kabla ya bei lazima ujue kitu chenyewe. Neno "Singer" kwenye kichwa cheusi halitoshi. Katika picha ya pili niliangalia mahali ilipo skrubu ya kukazia uzi. Ilikuwa upande wa kushoto kabisa, kwenye bati la ubavuni, na uzi ulikuwa unaingia kwenye tundu la sindano kutoka kulia kwenda kushoto. Chini yake, kushoto, kulikuwa na pango ambamo bobini husimama wima ndani ya kisanduku chake. Hizo ni dalili za aina ya 15. Ingekuwa aina ya 66, skrubu ya uzi ingekuwa mbele, ikikutazama wewe uliyekaa, na bobini ingelala chali chini ya bati, mbele ya sindano.

Tofauti hiyo ina pesa ndani yake. Aina ya 15 ndiyo iliyonakiliwa na viwanda vya Japani baada ya vita, kisha vya China, na cherehani nyeusi za Kichina tulizokua nazo zimetoka kwenye umbo hilo. Kwa hiyo bobini, kisanduku cha bobini, meno ya kusukumia kitambaa na bati la sindano vyote hupatikana kwa urahisi kwa wauza vifaa mjini, na vingi huingia bila kusuguliwa. Mwenye 66 huzunguka zaidi. Mashine mbili zikiwa na hali moja, mimi humpa mwenye 15 zaidi kidogo kwa sababu hiyo tu.

Lakini hapohapo ndipo pana mtego. Kama umbo limenakiliwa, umbo haliwezi kukuthibitishia kwamba hii ni Singer. Maandishi ya dhahabu nayo huuzwa kama stika, na mtu akishapaka kichwa rangi mpya anaweza kubandika jina lolote. Meza pia si ushahidi. Katika picha ya kwanza herufi SINGER zilionekana wazi kwenye chuma cha miguu, zimesubiwa humohumo na chuma, lakini miguu ya Singer hubeba vichwa vya kila namna. Mguu hauvunjiki, kichwa hubadilishwa.

Basi nilimwambia binti aombe picha mbili zaidi. Moja ya nembo, nyingine ya kile kijukwaa kidogo kilichoinuka kwenye kitako cha kichwa, upande wa kulia karibu na nguzo, ambapo nambari hugongwa kwenye chuma. Nikamwambia pia amwombe muuzaji azitume kama faili, si kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp huibana picha na kitu cha kwanza kupotea ni nambari na mikwaruzo, yaani vilevile tunavyovitafuta.

Zilipokuja, mambo yalikuwa mazuri. Nembo ilikuwa ya shaba, umbo la yai, imeshikwa kwa pini mbili, na nambari iligongwa ikianza na herufi EH. Mfululizo huo ni wa kiwanda cha Singer cha Kilbowie, Clydebank, huko Uskoti, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980, na herufi K inayoonekana kwenye majina kama 15K ni ya Kilbowie. Muuzaji alikuwa na haki kusema ni ya Uingereza. Hilo la "haijatumika sana" ni habari nyingine.

Bei ya kuanzia

Watu wengi huanza na bei ya muuzaji kisha wakapunguza. Hapo umeshakubali mizani yake. Mimi huanza na mashine ya aina hiyohiyo iliyo nzima kikazi, inayoshona mshono ulionyooka, ina mkanda, ina kisanduku cha bobini, meza imesimama, hakuna kilichovunjika. Hiyo ilikuwa ikibadilisha mikono kwa 11,000 hadi 13,000. Nasema ikibadilisha mikono, si ikitangazwa. Waliotangaza 17,000 walikuwepo, na matangazo yao yalikuwepo pia miezi baadaye. Tangazo linalokaa ni ushahidi kwamba bei hiyo haina mnunuzi.

Juu yake pana dari. Cherehani mpya nyeusi ya Kichina pamoja na meza yake ilikuwa 16,000 dukani. Mafundi wengi watakuambia Singer ya zamani ina chuma kizuri zaidi, na mimi ni mmoja wao, lakini ya dukani huja na vifaa vyote na unaweza kuirudisha kesho yake. Ya mkononi ikiikaribia bei hiyo sana, mnunuzi huenda dukani. Nikaanza na 12,000.

Hapa kuna jambo ambalo huharibu hesabu za wengi. Hiyo 12,000 ni bei ya mashine za miaka sabini ambazo tayari zimechakaa kwa kiwango cha kawaida. Uzee umo ndani yake. Dhahabu kufifia kumo, varnishi ya mbao kupauka kumo, vumbi la mafuta makavu kumo. Ukipunguza tena kwa sababu "ni ya zamani" na tena kwa sababu "imefifia", umemtoza muuzaji kitu kimoja mara tatu. Kinachopunguzwa ni kile tu ambacho mashine ya 12,000 haina, na kiasi cha kupunguza ni gharama ya kukirudisha. Sipendi hesabu za asilimia, za "hali ya wastani, toa thelathini". Bati la kuteleza linalofunika bobini likikosekana, gharama ni bei ya bati hilo.

Kusoma uchakavu

Sasa turudi kwenye picha ya pili, ambayo niliikuza mpaka ikaanza kuvunjika.

Kitu cha kwanza kila mtu angekiona ni maua ya dhahabu yaliyofutika. Ukingo wa mbele wa kitako, kulia, hata rangi nyeusi ilikuwa imeliwa na chuma cheupe kuonekana, kwa upana wa viganja viwili hivi. Hapo ndipo kitambaa huburutwa na kifundo cha mkono hulala, siku nzima, miaka nenda miaka rudi. Ulaya, ambako watu hununua hizi kwa kupamba sebule, doa hilo lingekata sehemu kubwa ya bei. Mombasa mnunuzi ni mshonaji, na doa halishoni. Nilipunguza sifuri.

Ila doa lilinieleza kitu: kichwa hiki kimeshona kwa riziki ya mtu, si pindo za mapazia mara moja kwa mwaka. Basi "haijatumika sana" ikaanguka, na nikajua niende wapi kutafuta uchakavu wenye pesa. Ajabu ni kwamba doa hilo pia lilinipa imani. Kichwa kilichopakwa rangi kumficha mtu hakina doa la namna hii. Hung'aa kotekote, na ukikuza picha utaona rangi imejaa kwenye mifereji ya skrubu na imeziba vitundu vya kutilia oili. Hapa mifereji ilikuwa safi na vitundu vilionekana.

Nikaenda kwenye sindano. Bati lililo chini yake lilikuwa na vijikovu vidogo kuzunguka tundu, kama mtu aliyeligonga kwa ncha ya msumari, na tundu lenyewe lilikuwa limevutika kuwa refu badala ya duara. Hizo ni sindano zilizopinda na kugonga bati. Kwa mtu anayeshona jinzi ni jambo la kesho. Kwa binti anayeshona madera ni jambo la leo, kwa sababu kitambaa chepesi huvutwa ndani ya tundu lililopanuka, kikakunjika chini, na kingo zenye makovu hukata uzi. Meno yaliyochungulia kwenye nafasi za bati yalikuwa yanang'aa juu badala ya kuwa na ncha, dalili kwamba yameisha. Meno na bati hubadilishwa pamoja, maana bati jipya juu ya meno yaliyoisha halisaidii kitu. Niliweka 700 kwa vyote viwili.

Bati la kuteleza linalofunika bobini kushoto halikuwepo: 250. Mahali pa mkanda wa ngozi palikuwa na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kimefungwa fundo. Hufanya kazi, lakini fundo likipita kwenye gurudumu mashine hushtuka kila mzunguko. Mkanda mpya, 250.

Kutu ndiyo iliyotaka subira, na kwetu pwani mtu asipoisoma vizuri atakimbia mashine nzuri au atakumbatia mbovu. Hewa ya chumvi huanza na nikeli. Ukingo wa gurudumu la mkono ulikuwa wa kahawia na ile fimbo inayobeba mguu wa kubania kitambaa ilikuwa na madoadoa. Kwenye gurudumu kutu ya juujuu ni kazi ya mafuta ya taa, msasa laini na nusu saa, na haibadilishi namna mashine inavyoshona. Ile fimbo ya mguu hupanda ukiinua mguu na kushuka ukiushusha, basi, kwa hiyo madoa yake nayo ni ya kuvumilika. Fimbo ya sindano ndiyo tofauti. Hii hupanda na kushuka kwa kila mshono, ndani ya mwongozo wa chuma uliobana. Ikiwa na vishimo vya kutu hufanya kazi ya tupa: hula mwongozo, halafu sindano huanza kuyumba, na oili huteremka kwenye kitambaa. Dera jeupe likishapata tone la oili nyeusi, mteja halichukui.

Picha ilionyesha fimbo ya sindano ikiwa juu, yaani sehemu kubwa yake imejificha ndani. Na ilikuwa inameremeta kwa unyevu, na mtu anayetaka kuuza akipaka oili kutu hugeuka giza tu na kupotea. Nikaomba picha nyingine: afute fimbo kwa kitambaa kikavu, azungushe gurudumu mpaka sindano iwe chini kabisa, kisha apige kwa mwanga wa mchana bila taa ya simu, kwa sababu taa ya simu huchoma chuma kikaonekana cheupe chote. Ikaja. Fimbo ilikuwa na mistari ya wima ya kawaida, laini, hakuna kishimo. Sifuri.

Mwisho, meza. Kwenye picha ya kwanza kona ya kulia ya ubao ilikuwa imevimba na tabaka za plaiwudi kufunguka kama kurasa. Maji. Ubao si urembo, kwa kuwa kichwa hushikwa na bawaba mbili zilizotiwa kwenye ubao huo. Ukivimba, kichwa hakikai sawasawa, mkanda hukimbia kwenye gurudumu, na mshonaji hulaumu mkanda kila wiki. Seremala wa karibu na binti alimtajia 1,500 kwa ubao mpya. Hilo ndilo lililokuwa punguzo kubwa kuliko yote, na sidhani binti alikuwa ameliona. Macho yake yalikuwa kwenye maua yaliyofutika.

Ongeza 800 ya kuifungua, kuosha mafuta makavu kwa mafuta ya taa na kuitia oili upya. Jumla ni 3,500. Toa kwenye 12,000, inabaki 8,500.

Kile ambacho picha haikuonyesha

Hiyo 8,500 ilikuwa na sharti: kwamba ndani mashine ni nzima. Picha haiwezi kukuonyesha kama ndoano inayokamata uzi chini imeisha, wala kama maungo yamelegea. Kubadilisha ndoano na kitako chake pamoja na ufundi niliikadiria 1,500. Kama muuzaji angekataa kuijaribu, ningemwambia binti asipite 7,000, yaani nihesabu kana kwamba imeisha. Huo si ujanja wa kumbana. Anayekataa kuonyesha ndiye anayestahili kubeba shaka, na akikubali kuonyesha shaka humwondokea pamoja na gharama yake.

Alikubali video. Nilitaka vitu vitatu. Kwanza azungushe gurudumu polepole kwa mkono bila uzi, nisikie. Halafu sindano ikiwa chini ashike fimbo kwa vidole viwili na kuitikisa mbele na nyuma. Kisha ashone vipande viwili vya kitambaa chepesi, uzi mwekundu juu na mweupe chini, anionyeshe pande zote mbili. Rangi mbili ni muhimu. Ukitumia moja huwezi kujua uzi upi umekosea.

Gurudumu lilizunguka bila kugonga. Fimbo ilitikisika kwa kiasi kisichoonekana. Mshono ukaja mbaya kupita kiasi: uliruka karibu kote, uzi mwekundu umelala juu ya kitambaa bila kushikwa. Binti akaniandikia, "Ami, si ndiyo hiyo ndoano?" Hapo mtu mwenye haraka angetoa ile 1,500.

Lakini ndoano iliyochakaa huruka hapa na pale, zaidi kwenye kitambaa kinene au kwenye mwendo wa kasi. Kukosa karibu kila mshono, tena polepole, kwa kawaida ni sindano. Kwenye aina ya 15 ubapa wa shina la sindano unatakiwa kutazama kushoto, kule ndoano iliko, na mfereji mrefu utazame kulia, unakoingilia uzi. Nikaisimamisha video, nikakuza. Ubapa ulikuwa kulia. Sindano ilikuwa imetiwa kinyume, labda na mtoto, labda na mtu wa mwisho aliyeijaribu.

Akaigeuza. Video ya pili ilionyesha mshono umekaa, ila kwa chini vijitanzi vyekundu vilichomoza. Vitanzi chini maana yake uzi wa juu haukukazwa vya kutosha au haukupita katikati ya vidisi vinavyoubana. Akakaza nusu mzunguko, vikapotea. Hakuna cha kutoa. Bei ya haki ikabaki 8,500.

Nilimpa binti hesabu yote kama ilivyo, na nikamshauri ampelekee muuzaji vipengele, si jumla. Mwambie mtu "nakupa nane na nusu" atakujibu kwa hasira. Mtumie picha yake mwenyewe yenye duara kwenye kona ya ubao na jibu la seremala, atajadili ubao. Na ndivyo ilivyokuwa. Muuzaji alijibu kuhusu jambo moja tu: "Ubao nakubali, lakini hayo meno yamesukuma vitambaa miaka yote." Akashuka hadi 10,500, halafu 9,500.

Kati ya 8,500 na 9,500 sikuona tena suala la haki. Shilingi elfu moja ni ndani ya upana wa 11,000 hadi 13,000 nilioanza nao, na mtu angeweza kuanzia 13,000 akafika hapo bila kosa. Lililobaki ni safari: pikapu kutoka Kisauni hadi Likoni, pamoja na nauli ya gari kwenye feri. Binti akasema atatoa 9,500 ikiwa muuzaji ataifikisha upande wa kisiwani, kivukoni, yeye aivushe kwa mkokoteni. Muuzaji akakubali, akaomba elfu mbili kwanza. Nilimwambia binti asitume kitu. Aende na sindano mpya, bobini yenye uzi mweupe, kipande cha kitambaa cha dera na ile nambari ya EH aliyoiandika, aione kwa macho yake kwenye chuma, ashone palepale, ndipo atoe pesa.